Bosi kakwambia "gawanya hiyo invoisi"? Fanya hivi kabla hujagusa sistemu

Hii ni ya watu wa malipo kwenye kampuni binafsi. Tuseme jenereta la ofisi limetengenezwa, fundi kaleta invoisi ya 8,400,000. Sera inasema bosi wako, mkuu wa idara, mwisho wake kusaini ni 5,000,000, ikizidi hapo inaenda kwa mkurugenzi wa fedha. Jioni inaingia wasap ya bosi: "Mwambie alete mbili za 4,200,000, nasaini zote leo, huyu fundi kanisumbua sana."

1. Fungua sera yenyewe. Sio ile unayoikumbuka kichwani. Tafuta kipengele cha kugawanya manunuzi na cha dharura, maana mara nyingi kikomo kinahesabiwa kwa kazi nzima, sio kwa kila karatasi, na huenda ya dharura ina njia yake fupi ambayo bosi hata haijui.

2. Angalia LPO. LPO moja, kotesheni moja, hiyo ni kazi moja hata ukileta invoisi kumi. Ila kama betri ilibadilishwa mwezi wa tatu na injini mwezi wa sita, kila moja na LPO yake, basi hamna kesi. Na fundi kulipwa kwa awamu ruksa kabisa, idhini tu ndo inaombwa kwa jumla yote.

3. Mpigie bosi simu. Kwa namba yake uliyonayo siku zote, sio iliyotuma meseji. Ukiona haraka nyingi halafu na akaunti mpya ya benki juu, hao matapeli.

4. Peleka kwenye imeili. Usimtuhumu, watu wengi wanaharibu hapa. Mi naandikaga hivi:

"Habari bosi, kuhusu malipo ya jenereta, LPO ni moja ya 8,400,000 na sera inataka sahihi ya mkurugenzi wa fedha. Naomba niipeleke leo kama dharura ili fundi asicheleweshwe. Je, kuna idhini nyingine ambayo sijaiona?"

Hapo umempa pa kutokea, na wengi wanajibu "sawa peleka" yakaisha.

5. Akisema "fanya tu, nitawajibika", usiposti. Kikomo chake ni kilekile, maneno hayakiongezi. Peleka mnyororo wote wa imeili kwa mhasibu mkuu au mkaguzi wa ndani. Sapulaya mmoja, siku moja, namba za invoisi zinafuatana, kila moja iko chini kidogo ya kikomo, wakaguzi wanachujaga hivyo mapema tu, na kwenye vocha aliyeandaa ni jina lako sio lake.

Na kama fundi keshaleta zile mbili, usizichane. Zibane pamoja na ile ya kwanza na LPO, andika juu jumla 8,400,000, peleka idara ya fedha kama malipo mamoja, halafu subiri wakubwa waseme invoisi ipi inabaki.