Kuhakiki hesabu ya unyumbufu wa mahitaji: mfano wa mchele wa Kyela

Kijana anayesoma biashara chuoni hapa Mbeya aliniletea hesabu ya mchele wa mama yake mdogo, muuzaji wa Mwanjelwa. Bei ya kilo ya mchele wa Kyela ilipanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,500, na mauzo ya siku yakashuka kutoka kilo 100 hadi 78. Alipata unyumbufu wa 0.88, yaani asilimia ya badiliko la kiasi ikigawanywa kwa asilimia ya badiliko la bei, na kwa kuwa uko chini ya 1 akaandika chini yake kwamba mahitaji hayanyumbuki, hivyo bei mpya imeongeza mapato. Ukiwa na jibu kama hilo mkononi, lihakiki hivi.

Hatua ya 1: Zidisha bei kwa kiasi

Usiguse asilimia kwanza. Zamani: 2,000 × 100 = 200,000. Sasa: 2,500 × 78 = 195,000. Mapato yameshuka. Mahitaji yasiponyumbuka, bei ikipanda mapato nayo hupanda, kwa hiyo 0.88 inapingana na fedha iliyomo kwenye droo. Mimi huanzia hapa kila mara, maana kuzidisha huku hakuna ubishi.

Hatua ya 2: Uliza kila asilimia imegawanywa kwa nini

Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Kijana aligawanya kwa namba za mwanzo: bei 500 ÷ 2,000 ni asilimia 25, kiasi 22 ÷ 100 ni asilimia 22, na 22 ÷ 25 ni 0.88. Kugawanya amegawanya sawasawa. Tatizo ni njia yenyewe.

Igeuze safari uone. Tuseme bei inashuka kutoka 2,500 hadi 2,000 na mauzo yanapanda kutoka 78 hadi 100. Sasa bei imebadilika kwa asilimia 20, kiasi kwa asilimia 28.2, na unyumbufu unakuwa 1.41. Wateja ni walewale na bei ni zilezile mbili, lakini ukipanda unaambiwa hawajali sana bei, ukishuka unaambiwa wanaijali mno.

Dawa yake ni kugawanya kwa wastani wa namba mbili. Wastani wa bei ni 2,250, na 500 ÷ 2,250 ni asilimia 22.2. Wastani wa kiasi ni 89, na 22 ÷ 89 ni asilimia 24.7. Unyumbufu ni 1.11, upande wowote unaoanzia, na sasa unakubaliana na droo. Badiliko la bei likiwa dogo, tuseme asilimia 2 au 3, njia zote mbili hukaribiana. Bei za sokoni kwetu huruka kwa mia tano nzima, kwa hiyo mimi natetea wastani bila kuyumba.

Angalia pia kama amechanganya, bei akaigawanya kwa namba mpya na kiasi kwa namba ya zamani. Hapa angepata 22 ÷ 20, yaani 1.1, jibu linalofanana na lile sahihi kwa bahati tu. Ndiyo maana sipendi fomula moja ndefu kwenye Excel. Weka bei ya zamani A2, bei mpya B2, kiasi cha zamani C2, kiasi kipya D2, kisha kila asilimia iwe na kisanduku chake, E2 na F2, na jibu likae G2:

```
=(B2-A2)/((A2+B2)/2)
=(D2-C2)/((C2+D2)/2)
=F2/E2
```

Hatua ya 3: Alama ya hasi

G2 itaonyesha -1.11. Hasi inasema tu kwamba bei na kiasi vimekwenda pande tofauti. Ukubwa unausoma bila hiyo alama.

Hatua ya 4: Soma jibu kwa mipaka yake

Maana ya 1.11 ni kwamba kati ya bei hizi mbili, bei ikipanda kwa asilimia 1, mauzo hupungua kwa takribani asilimia 1.11. Sio kilo 1.11. Tena ni mahitaji ya mchele wa Kyela kwenye meza ile, sio mchele wote: mteja akiona 2,500 anaweza kuhamia mchele wa Mbarali au meza ya jirani. Na kama bei ilipanda Januari, wazazi wakiwa wanalipia mahitaji ya shule, sehemu ya kilo 22 zilizopungua haikutokana na bei hata kidogo. Linganisha siku zinazofanana.

Kosa la mwisho ni kuchanganya mapato na faida. Tuseme kila kilo inamfikia mama mdogo kwa shilingi 1,600 nyakati zote mbili. Zamani alibaki na 400 × 100, yaani 40,000. Sasa anabaki na 900 × 78, yaani 70,200. Mapato yamepungua kwa 5,000 na faida imeongezeka kwa 30,200. Kwa hiyo chini ya jibu kijana aandike: «Mahitaji yananyumbuka kidogo, mapato yameshuka», kisha ulizia gharama ya kilo kabla ya kumshauri mama mdogo arudishe bei ya zamani.