Jinsi ya kuandika na kuwasilisha barua ya kuomba kazi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II

Nafasi za Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na pia na halmashauri zilizopata kibali cha kuajiri. Maombi hupitia Ajira Portal, yaani portal.ajira.go.tz. Kufungua akaunti na kujaza taarifa za elimu hakuna ugumu kwa mtu aliyewahi kujaza fomu yoyote ya serikali, kwa hiyo nitajikita kwenye barua, maana ndiyo iliyonila muda na pesa.

Anza na tangazo lenyewe. Sifa zinazotajwa mara nyingi ni stashahada ya uhazili, kufaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na cheti cha kompyuta katika programu za ofisi. Iwapo cheti cha hatimkato huna, barua nzuri haitakusaidia. Angalia vilevile barua inaelekezwa kwa nani. Matangazo ya halmashauri huelekeza kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika, na mengine huelekeza kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, S.L.P. 2320, Dodoma. Mwombaji anayenakili anwani ya tangazo la mwezi uliopita anakuwa ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe kabla hajafika kwenye salamu, kwa sababu kazi anayoiomba ni ya kuhakikisha barua inamfikia mwenyewe.

Kichwa cha habari kitaje cheo kama kilivyo kwenye tangazo, pamoja na kumbukumbu namba ya tangazo kama ipo. Aya ya kwanza iseme unaomba nafasi gani, una sifa zipi na umeambatisha nini. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" inaweza kubaki, ila isimeze aya nzima.

Aya ya pili ndiyo yenye mtego, kwa kuwa ndipo unapotakiwa kuonyesha kwamba unatunza siri. Waombaji wengi hutaka kuthibitisha hilo kwa kueleza siri walizozitunza. Rafiki yangu aliyefanya kazi katika ofisi ya mawakili alinionyesha rasimu yake, na ndani yake kulikuwa na sentensi hii:

"Nilichapa hati za mgogoro wa mirathi wa familia moja maarufu hapa mjini na sikuwahi kumwambia mtu yeyote."

Basi mtu wa kwanza kuambiwa angekuwa afisa utumishi atakayesoma barua, na katika mji wenye familia maarufu mbili au tatu, hakuhitaji kutajiwa jina. Tuliiondoa na kuweka maelezo ya utaratibu badala ya tukio:

"Nilikuwa nikichapa na kutunza majalada ya wateja. Majalada yalifungiwa kabatini na kuazimwa kwa saini katika rejesta, na nakala za kompyuta zilihifadhiwa katika folda yenye neno la siri lililojulikana kwangu na kwa mwajiri wangu pekee."

Msomaji anayejua masjala ataona mara moja kwamba mwandishi wa maneno haya amewahi kulifuatilia jalada lililoazimwa na halikurudi. Kwa sababu hiyohiyo, usiambatishe barua au muhtasari wa kikao cha mwajiri wako wa zamani kama sampuli ya kazi, hata kama ulichapa kwa ustadi wa kujivunia.

Mpangilio wa kazi nao uelezwe kwa vitendo. Sentensi kwamba wewe ni mtu mwenye mpangilio mzuri ipo katika kila barua, na haimwambii msomaji kitu. Eleza kwamba ulikuwa ukituma mwaliko wa kikao pamoja na ajenda siku saba kabla, kwamba rasimu ya muhtasari ilimfikia mwenyekiti ndani ya siku mbili, na kwamba safari za mkuu wako uliziingiza katika ratiba ileile ya vikao ili visigongane. Sentensi mbili au tatu za namna hiyo zinatosha.

Kuhusu kompyuta, taja kazi moja uliyoifanya kwa programu, usiorodheshe programu tu. Katika barua yangu niliandika kwamba nilitoa barua 60 za mwaliko kwa Mail Merge ya Word kutoka katika orodha moja ya Excel. Ukiandika hivyo, jiandae kuulizwa, kwa kuwa kazi hii huwa na usaili wa vitendo na hapo utakaa mbele ya kompyuta. Mtu aliyeifanya kweli anajua kwamba namba za simu zilizoingizwa Excel kama tarakimu za kawaida hupoteza sifuri ya mwanzo, hivyo safu hiyo hupangwa kuwa Text kabla ya kuandika. Anajua pia kwamba tarehe huweza kutokea kwenye barua zikiwa na mwezi mbele ya siku, kikao cha tarehe 5 Machi kikasomeka kama cha tarehe 3 Mei. Aliyeisoma kwenye daftari tu hatakumbuka hayo.

Sasa saini. Tangazo hudai barua iliyosainiwa, na barua iliyochapwa jina tu chini haihesabiki. Ihifadhi barua kwa PDF kabla ya kwenda kuichapisha, kwa kuwa Word ya zamani ya duka la stesheneri huweza kuisukuma mistari mpaka saini ikaangukia ukurasa wa pili peke yake. Saini kwa wino, kisha skani. Hapa ndipo nilipolipa mara mbili. Mashine ya duka ilikuwa imepangwa kwa karatasi ya Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita 18, na saini yangu iliyokuwa chini kabisa ya ukurasa ikakatwa katikati. Mhudumu alinihakikishia kwamba "inaonekana vizuri tu, dada," macho yake yakiwa kwenye simu. Mwambie aweke A4, kisha fungua faili mwenyewe uangalie kona zote nne kabla ya kutoa hela.

Usiondoke dukani kabla ya kufuta faili zako na kumwaga Recycle Bin. Kwenye Desktop ya duka lile nilikuta vyeti na wasifu wa waombaji wenzangu kadhaa, namba za NIDA zikiwa wazi, na baadhi yao walikuwa wanaomba kazi hiihii ya kutunza siri.

Ambatisha nakala za vyeti halisi zilizothibitishwa na mwanasheria, kwa kuwa hati za matokeo hazikubaliwi. Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, shughulikia hati ya kiapo mapema, si wiki ya mwisho ambapo mfumo nao hulegea kwa wingi wa watu. Ukishatuma, ingia tena katika akaunti yako, pakua barua uliyoipandisha na uisome kutoka humo, kisha uhifadhi nakala hiyo, kwa sababu maswali ya usaili yanaweza kutoka katika sentensi ulizoandika.