Somo: kushusha ampea za kuchaji gari la stima kwa nyumba yenye waya za zamani

Wadau, hii ni ya wale mnakaa nyumba za kitambo, zile za Section 58 na Milimani hapa Nakuru, Milimani ya Kisumu, nyumba za mawe zenye waya hazijaguswa tangu mwenye nyumba ajenge, halafu sasa mmeleta Leaf ama gari lingine la stima na mnachomeka kwa soketi ya kawaida usiku kucha. Shida si kwamba gari linameza stima nyingi sana, instanti shawa inameza zaidi, lakini shawa unaoga dakika kumi unazima. Gari linavuta bila kupumzika masaa nane ama kumi na hapo ndio kila skrubu iliyolegea inapata muda wa kuchemka.

Kwanza tuelewane nani anaamua ampea. Lile boksi lililo katikati ya kebo ya kuchajia ndilo linatuma ishara kwa gari likisema "hapa usipite ampea kadhaa", na gari linatii. Gari nalo linaweza kuwa na menyu yake ya kupunguza. Ile ndogo kati ya hizo mbili ndio inashinda. Kwa hivyo ukiweka boksi 13 na gari 8, linavuta 8, ukiweka boksi 8 na gari liko juu kabisa, bado ni 8. Chini ya 6 boksi haliwezi kuagiza, huo ndio mwisho wa chini wa hio ishara.

Nissan Leaf hizi za kutoka Japani hazina mahali pa kuchagua ampea ndani ya gari, usisumbuke kutafuta. Ni kebo tu inaamua. Na hapa ndio pa hatari, kwa sababu kebo nyingi zinazokuja na hayo magari zimeandikwa volti 200 ampea 15, halafu mtu anakata plagi ya Kijapani anafunga yetu ya 13 na kuendelea na maisha. Hio plagi haikuundwa kubeba 15 usiku mzima. Tafuta kebo yenye kitufe cha kuchagua 6, 8, 10, 13, yenye kichwa kinachoingia kwa gari lako, na ikiwezekana yenye skrini inaonyesha volti na ampea maana tutaihitaji. MG nyingi zina menyu ya 6A, 8A, 16A na Max, na Hyundai na Kia zinakupa Maximum, Reduced ama Minimum. Hata ukiwa na hizo mimi nasema weka kikomo kwa boksi kwanza, ya gari iwe ya pili.

Sasa hatua zenyewe.

1. Jua soketi yako inalindwa na nini. Fungua mlango wa bodi, zima bureka moja ama toa fyuzi moja, angalia nini kimezimika pamoja na soketi ya gari. Nyumba za kitambo unakuta ni fyuzi ya kufunga waya, mara nyingi ampea 15, na soketi ya garaji imeungwa kutoka kwa ya sitting room pamoja na friji na pale unapigia pasi. Andika kila kitu kilichozimika. Ukikuta mtu alifunga fyuzi na waya mnene wa kufungia ua, simama hapo hapo, usichaji.

2. Toa ekstensheni na adapta zote, chomeka kebo moja kwa moja ukutani. Soma volti kabla gari halijaanza kuvuta.

3. Weka ampea 6 kwa boksi KABLA ya kuingiza kichwa kwa gari, boksi nyingi zikishaanza kuongea na gari kitufe hakisikii tena. Acha dakika kumi, soma volti. Toa, weka 8, soma. Toa, weka 10, soma. Usiende 13 kwa soketi ya zamani, hata kebo nyingi za makampuni zenye plagi kama yetu zinasimamia 10.

4. Kwa ile ampea uliyochagua acha ichaji saa moja nzima ukiwa macho, halafu shika plagi na kifuniko cha soketi. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuendelea kushika, ama kuna harufu ya plastiki, ama pini zimebadilika rangi, zima.

5. Hii wengi wanaruka. Zima stima ya nyumba yote kwa swichi kuu kebo ikiwa kwa gari, washa tena, uangalie boksi limerudi na ampea gani. Zingine zikipoteza stima zinarudi kwa ile kubwa kabisa! Na venye stima yetu hupotea usiku, unaweza kulala ukijua ni 8 kumbe tangu saa tisa inavuta 13. Kama yako inafanya hivyo, ile menyu ya gari sasa ndio itakuokoa, na kama ni Leaf badilisha kebo.

Sasa hizo volti ulizosoma zina maana gani. Wacha niwape nyumba moja ya Section 58 tuliyopima, Leaf ya betri ya kilowati saa 30, soketi ya garaji. Bila gari volti zilikuwa 239. Kwa ampea 10 zikashuka mpaka 225. Zimepotea volti 14. Fundi akapima pale bodi gari likivuta vile vile, akapata 236, kwa hivyo 3 zinapotelea nje kwa laini na 11 zinapotelea ndani ya nyumba. Kutoka bodi mpaka garaji waya ni kama mita 18 ya 2.5, na waya mzuri wa hio saizi kwa hio ampea ungekula volti 3 na kidogo. Basi karibu volti 8 zimeenda wapi? Zidisha 8 kwa ampea 10 unapata wati 80, na hizo hazijasambaa kwa waya mzima, ziko kwa viungo, ni kama balbu ya kitambo umeifungia ndani ya ukuta ikiwaka usiku kucha.

Hapa ndio watu hudanganyika. Wanasema si nishushe tu iwe 8. Ukishusha, kile kiungo kibovu bado kinatoa kama wati 50. Ukienda 6 bado karibu 30. Imepungua sana, kweli, kwa sababu joto linapungua haraka kuliko ampea zenyewe, lakini kiungo kilicholegea kinaendelea kuharibika, na mwezi ujao hio 6 itachemka kama 10 ya leo. Kushusha ampea ni ya waya mzima ulio mwembamba ama wenye kazi nyingi. Si dawa ya kiungo.

Fundi alizima stima akafungua, akakuta nyuma ya soketi ya sitting room waya wa kwenda garaji umesokotwa ukapigwa teipu, na kwa soketi ya garaji skrubu ya nyutro inazunguka kwa kidole. Akaweka kiungo cha skrubu ndani ya boksi, akabadilisha soketi. Tukapima tena kwa 10: bodi 236, garaji 232. Volti 4 ndani ya nyumba, hio ni waya wenyewe tu.

Na bado tuliacha 8, si 10. Kwa nini, fyuzi ni ya 15 na iko na friji na pasi. Pasi ya wati 1200 ni ampea 5, friji weka moja, gari 8, jumla 14. Ukiweka 10 unafika 16, na fyuzi ya waya haikatiki hapo, inavumilia muda mrefu sana huku waya wa ukutani ndio unaumia. Kwa 8 gari linavuta kama kilowati 1.85, masaa tisa ya usiku ni uniti 16 na kitu kwa meta, na kama 14 zinafika kwa betri. Hio Leaf inatoka 30 mpaka karibu 80 asilimia. Inatosha mtu wa kwenda kazini na kurudi.

Kipimo changu: ndani ya nyumba zisipotee zaidi ya volti 7 hivi. Ukiwa huna fundi wa kupima bodi, soma za soketi peke yake, zikipotea zaidi ya 10 kwa ampea 8 ita fundi mwenye leseni ya EPRA. Kupima ndani ya bodi iliyo na stima si kazi yako.

MASWALI

Mdau wa Kondele: Mkuu bureka yangu ni ya 32, si hio inamaanisha naweza weka hata 16?

Jibu: Hapana boss. Bureka inalinda waya, haijui kiungo kinachemka. Kiungo kinaweza kuungua kwa ampea 9 na bureka ya 32 imetulia tu. Na soketi yako ni ya 13. Ukitaka 16 vuta waya mpya kutoka bodi, bureka yake peke yake, na soketi ya viwandani ile ya bluu.

Mama wawili, Kakamega: Kwetu mtu akiingia shawa taa zinafifia na gari linaacha kuchaji, ni waya ama ni nini?

Jibu: Mama, zima gari kabisa, washa shawa peke yake, mwambie fundi apime pale bodi. Volti zikianguka sana hapo hapo bodi, shida iko nje kwa laini ama kwa kiungo cha pale meta, piga ripoti Kenya Power. Shawa inavuta ampea 20 na zaidi, ukiongeza gari laini ndefu inachoka. Kwa sasa weka 6 na uanze kuchaji watu wakishaoga, Leaf ina taima ya kuchaji ndani yake.

Mdau wa Njoro: Boksi langu linawaka nyekundu linasema hakuna athi. Jamaa aliniambia kuna venye unaidanganya, nishushe ampea iwe salama?

Jibu: Usithubutu. Ampea na athi ni vitu viwili, hata 6 inaua mtu akishika bodi ya gari lenye hitilafu. Nyumba nyingi za kitambo rodi ya athi imeoza ama waya wake ulikatwa wakati wa kupiga plasta. Fundi aweke rodi, aipime, na aweke ile swichi inayokata stima ikivuja. Mpaka hapo chaji kwingine.

Mdau wa Milimani Kisumu: Kuchaji na 6 kila siku haiharibu betri?

Jibu: Betri haina shida, hio ni polepole sana kwake. Hasara ni kwa tokeni, kwa sababu gari likichaji linatumia kama wati 200 ama 300 kujiendesha lenyewe, na kwa 6 unavuta 1400 tu, kwa hivyo sehemu kubwa inaliwa njiani. Kama waya unaruhusu 8, kaa 8.

Mdau wa Kondele tena: Na ekstensheni ya kuzungusha, ile ya mita 30?

Jibu: Ikiwa imezungushwa kwa gurudumu lake joto halitoki, itayeyuka hata kabla ya plagi. Sogeza gari karibu na ukuta.