SOMO: Kupiga hesabu ya kalori na wanga kwenye kitumbua kimoja

Naandika hapa mara moja maana kila wiki naulizwa "kitumbua kina kalori ngapi" na nikijibu namba moja mtu anaibeba kama ilivyo wakati vyake ni vikubwa mara mbili ya vyangu. Fanyeni hesabu kwa vitumbua vyenu wenyewe, ni mizani ya jikoni tu na kalamu.

1. Pima mchele ukiwa mkavu kabla ya kuloweka, ukishalowana unabeba maji na maji hayana kalori. Nusu kilo ya mchele ni kalori 1800 hivi na wanga gramu 400.

2. Sukari, gramu 150. Kalori 600, wanga 150.

3. Tui zito mililita 400. Kama ni la kopo soma nyuma ya kopo. Mimi nahesabu kalori 900, karibu zote za mafuta ya nazi, wanga gramu 20 tu.

4. Hamira na hiliki acha, hazifiki popote.

5. Saga, acha uumuke, choma.

6. MAFUTA YA KUCHOMEA. Hapa ndipo hesabu inapoharibika, kwa hiyo soma polepole. Watu wengi hawayaandiki kabisa kwa sababu hayapo kwenye mahitaji ya unga, au wanakisia "vijiko viwili vitatu" wakati kila shimo wanalimiminia upya kila duru. Weka chupa ya mafuta kwenye mizani kabla hujawasha moto, andika, tumia chupa hiyo hiyo tu, ukimaliza pima tena. Ikipungua gramu 90 basi hizo ni kalori 810, maana kila gramu ya mafuta ina kalori 9. Kwa vitumbua 30 kila kimoja kimebeba gramu 3, yaani kalori 27. Ukimwaga kijiko cha chai kizima kila shimo inakuwa kama 40. Na angalia moto: chuma kikiwa bado baridi kitumbua kinakaa kinanyonya, utakijua ukikibonyeza mafuta yanakuja vidoleni.

7. Jumlisha, gawa kwa idadi. 1800+600+900+810 ni 4110, gawa kwa 30 unapata kalori 137 kila kimoja. Wanga 570 gawa kwa 30 ni gramu 19.

8. Pima vyote vikiwa vimepoa. Vyangu 30 vilikuwa gramu 1200, yaani kimoja gramu 40. Usiruke hii, ndiyo inayokusaidia kama ukubwa haulingani.

MASWALI

Mpishi wa Ngamiani: Sasa kwa kifupi kimoja kalori ngapi?
– Namba 7.

Mama Rahma: Vya kwangu vikubwa, kama gramu 60, nafanyaje?
– Kama mapishi ni hayo hayo, 60 gawa kwa 40 ni moja na nusu. Kwa hiyo wanga gramu 28 na nusu, kalori 205 hivi. Viwili tu asubuhi umeshafika wanga 57.

Bakari_T: Natumia sukari guru na mchele wa brauni kwa hiyo vyangu havina wanga mwingi.
– Vina. Sukari guru ni sukari, na mchele wa brauni wanga wake unakaribia ule ule. Pima halafu uje na namba.

Zuhura K.: Shikamoo dada, baba yangu ana kisukari, nipunguze tui au sukari? Na hamira si inakula sukari?
– Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Tui jepesi linapunguza kalori lakini wanga unabaki pale pale, maana wanga wa tui ni kidogo. Sukari ukiweka nusu unatoa gramu 75 kwenye unga mzima, kila kitumbua kinashuka gramu 2 na nusu, kutoka 19 hadi 16 na nusu. Mzigo mkubwa ni mchele wenyewe, kwa hiyo kwa mzee kinachosaidia zaidi ni idadi anayokula. Kama anachoma insulini kwa kuhesabu wanga, mpelekee muuguzi wake wa kliniki hizo hesabu zako. Hamira kweli inakula sukari, ila kwa muda wa kuumuka tu ni kidogo, siitoi.

Zuhura K.: Asante dada. Vikipungua sukari haviwi rangi, vinabaki vyeupe.
– Ni kweli, sukari ndiyo inayovipa wekundu. Punguza moto kidogo vikae zaidi kabla ya kugeuza, na hiliki iongeze.

Mama Rahma: Chuma changu kipya vinang'ang'ania ndo maana namwaga mafuta mengi.
– Kioshe, kikaushe, kipake mafuta, kiache kwenye moto mpaka kifuke moshi, futa, rudia mara kadhaa. Halafu usikisugue na steeli waya. Kikishakolea, brashi yenye mafuta inatosha kila shimo na chupa utaiona inashuka taratibu.