Kabla hujaanza kuvutana bei na msambazaji kwa barua pepe: mambo ya kuzingatia

Majadiliano ya ununuzi yakishafika barua ya thelathini, hakuna anayeyasoma tena tangu mwanzo. Kila mtu anafungua ya juu kabisa na kujibu kwa kadiri anavyokumbuka. Kwa hiyo yapange haya kabla barua ya kwanza haijatoka. Ukingoja katikati, utakuwa unawafundisha watu ambao tayari wamechoka.

Kwanza, amua nani anaahidi. Kila upande uwe na mtu mmoja tu anayesema "tumekubali". Wengine wapewe nakala wasome, wakiwa na neno wamwambie yeye. Kwenye `To` weka anayetakiwa kujibu, kwenye `Cc` anayetakiwa kujua. Ukiweka watu watano kwenye `To`, kila mmoja atadhani mwenzake atajibu.

Bosi usimfiche kwenye `Bcc`. Siku atakapobonyeza `Reply all` ili aseme neno moja, msambazaji atajua kwamba kulikuwa na mtu wa tatu anasikiliza muda wote. Tuma barua kwanza kwa msambazaji, kisha mpelekee bosi nakala yake peke yake.

Mambo ya ndani nayo yafungulie barua mpya kabisa. Watu wengi wanachukua barua ya msambazaji, wanaipeleka kwa bosi na kuandika juu yake, "tukibanwa sana tunaweza kupanda hadi hapa." Baadaye mtu anajibu kutoka kwenye tawi hilohilo na kumrudisha msambazaji kwenye orodha, na kikomo cha bei yenu kimelala pale chini ya sahihi. Kabla ya kutuma, shuka hadi mwisho wa barua uone umebeba nini. Ni kazi ya sekunde chache.

Kichwa cha barua kikishawekwa, kisiguswe. Weka jina la bidhaa na namba ya ombi la bei, basi. Gmail huanzisha mazungumzo mapya kichwa kikibadilika, na hata kisipobadilika huyakata yakizidi barua 100. Malalamiko ya mzigo uliopita yaende kwenye barua yake, yasiingizwe kwenye bei ya mzigo ujao.

Viambatisho ndiko kwenye fujo. Jina la faili liseme tarehe, bidhaa, aina ya hati, nani kaitoa na ni toleo la ngapi, kwa mfano:

`2025-03-14_chupa-500ml_bei_msambazaji_v3.pdf`

Mwaka unatangulia ili faili zijipange zenyewe kwa mfuatano. Neno "final" lifute kabisa, maana baada yake huja "final2", na hapo hakuna anayejua oda itolewe kwa ipi. Hata ikibadilika namba moja tu ndani, toleo linapanda. Usitume faili mpya kwa jina la zamani. Kumbuka pia kwamba programu nyingi za barua pepe huacha viambatisho mtu anapojibu, ilhali akipeleka mbele vinabaki. Kwa hiyo kumwambia aliyeingizwa jana "angalia kiambatisho hapo chini" ni kumtuma kwenye chumba kitupu. Taja jina la faili ndani ya barua, na kama ni muhimu, kiambatishe upya.

Sasa muhtasari wa hoja. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona mtu makini akiumia.

Mwenzangu wa idara ya ununuzi alikuwa anajadili oda ya chupa 40,000. Msambazaji alikubali kushusha bei kwa asilimia 4, kwa sharti kwamba malipo ya awali yawe nusu ya oda. Mwenzangu akaandika kwenye muhtasari wake, "Bei: imekubaliwa." Wiki kadhaa mbele, mtu wa fedha akaona nusu ni nyingi. Akafungua barua yake mwenyewe, kichwa chake "Malipo", akamwandikia muuzaji wa msambazaji moja kwa moja bila kumpa nakala yeyote. Muuzaji akajibu kwa upole: sawa, asilimia 30 inawezekana, kwa masharti yetu ya kawaida. Mtu wa fedha akatoka na habari njema, na muhtasari ukapata mstari wa pili: "Malipo ya awali asilimia 30: imekubaliwa."

Ankara ya profoma ilipofika, bei ilikuwa ile ya zamani. Watu wakaruka kumshutumu muuzaji kwamba anacheza. Lakini yeye alikuwa na barua mbili mkononi na zote zilikuwa wazi: punguzo lilikwenda na nusu ya malipo, na "masharti ya kawaida" maana yake ni bei bila punguzo. Bajeti ilikuwa imeshapitishwa kwa bei ya chini, na mashine ya kujaza ilikuwa inasubiri chupa. Hapo huna nguvu ya kuvutana. Walilipa.

Mstari mmoja ulioandikwa sawasawa ungewaokoa. Muhtasari usiishie "imekubaliwa". Useme imekubaliwa kwa sharti gani, hoja ipi imefungamana na ipi, na imeandikwa kwenye barua ya tarehe gani. Hivi:

Hoja ya 1. Bei ya chupa, punguzo asilimia 4. Imekubaliwa kwa sharti la hoja ya 2 (barua ya msambazaji, 14 Machi).
Hoja ya 2. Malipo ya awali. Wao: asilimia 50. Sisi: asilimia 30. Bado wazi, ikibadilika, hoja ya 1 inafunguka. Anayetakiwa kujibu: msambazaji, kabla ya 28 Machi.
Hoja ya 3. Chupa zenye nyufa. Kubadilishiwa: imekubaliwa. Nani analipia usafiri: bado wazi.

Mtu yeyote akisoma hoja ya 2 hapo hawezi kushangilia asilimia 30 kabla hajauliza kuhusu bei. Hoja iliyofungwa isifutwe, na namba yake isipewe hoja nyingine. Ukifuta, hutaona ilikuwa imefungamana na nini. Muhtasari ukae juu ya barua yenyewe, si kwenye faili pembeni, na utumwe kila msimamo unapobadilika.

Usiandike mwishoni "mkikaa kimya tutahesabu mmekubali". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, wa mwaka 1980, unasema kwenye kifungu cha 18 kwamba ukimya peke yake si kukubali. Kifungu cha 19 nacho kinahusu ile "sawa, ila": jibu linalogusa bei, malipo, ubora, kiasi au muda na mahali pa kufikisha mzigo huhesabiwa kuwa ni kukataa na kutoa pendekezo jipya. Waombe wajibu kwa namba: 1 sahihi, 2 sahihi, 3 tunarekebisha hivi.

Mengine haraka haraka. Mkiongea kwa simu, yaandike siku hiyohiyo kwenye barua ileile. Muuzaji akibadilishwa, mtumie mpya muhtasari kabla hajakutumia bei. Mtu wa kwenu akihama, mtoe kwenye nakala. Angalia anwani inayojikamilisha yenyewe unapoandika jina, hasa kama wasambazaji wawili wanaoshindana wana majina yanayofanana. Na kabla oda haijatolewa, linganisha profoma na muhtasari hoja kwa hoja, mtu wa fedha akiwa amekaa hapohapo.