SOMO: Kusoma ramani ya tetemeko kabla ya kujenga, iwe Fort Portal au Kampala

Mteja wangu anayejenga Kampala alinifungulia ramani ya tetemeko kwenye simu, akaweka kidole penye rangi ya njano hafifu, akaniambia: "Fundi, huku kwetu tetemeko halifiki, punguza nondo." Ramani yenyewe ilikuwa sahihi, ila aliisoma rangi peke yake. Twende polepole.

Hatua ya 1: Tafuta ukanda. Rangi nzito ziko magharibi, kuanzia Ziwa Albert, zinapita Rwenzori na Ziwa Edward hadi Kisoro. Huo ni mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia linavutwa pande mbili, milimita chache kila mwaka. Mwamba unavumilia kwa muda, kisha unakatika kwenye mipasuko yake. Tarehe 20 Machi 1966 ulikatika upande wa Toro, ukaua watu zaidi ya 150. Mwaka 1994 Fort Portal ikatikiswa tena. Wachoraji wa ramani hukusanya matetemeko ya namna hii pamoja na mipasuko inayojulikana, ndipo wanapaka rangi.

Hatua ya 2: Soma namba, siyo rangi. Pembeni mwa ramani utaona PGA, na namba kama 0.2 g. Hiyo siyo ukubwa wa tetemeko unaotangazwa redioni. Ni kiasi ambacho ardhi ya mahali hapo inaweza kusukumwa kwa ghafla, ikilinganishwa na nguvu inayotuvuta chini. Chukua ukuta wenye uzito wa kilo 2,000. Kwa 0.2 g, ni kama mtu anausukuma ubavuni kwa uzito wa kilo 400. Kwa 0.05 g ni kilo 100. Ukuta wa matofali hubeba mzigo wa kutoka juu bila shida. Msukumo wa ubavuni ndio unaoufungua pembeni, kwenye kona. Hesabu hii ni ya kupata picha tu, kwa sababu jengo nalo lina namna yake ya kuyumba, na laweza kupokea nguvu zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Soma muda. Ramani nyingi zimeandikwa "asilimia 10 katika miaka 50". Maana yake, katika miaka 50 kuna nafasi moja kati ya kumi kwamba mtikisiko utazidi namba ile. Kwa hiyo namba ya ramani siyo kikomo.

Hatua ya 4: Uliza ramani imechorwa kwa ardhi gani. Mara nyingi imechukuliwa kwamba umesimama juu ya mwamba mgumu. Hapa ndipo mteja wangu alipopotea. Kampala ni vilima na mabonde: juu kuna ardhi ngumu, chini kuna kinamasi kilichofukiwa. Udongo laini uliojaa maji hukuza mtikisiko, lakini kwenye ramani ya nchi nzima kilima na bonde vina rangi moja. Kiwanja chake kiko bondeni. Tulichimba shimo, kwenye mita moja maji yakaanza kuchuruzika, na nondo niliyoisukuma kwa mkono ikazama bila kugonga kitu. Nondo hatukupunguza, na tukaita mpimaji wa udongo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nimeona pia "miaka 475". Toro ilitikisika 1966, kwa hiyo tuko salama hadi 2441?*

Hapana, ndugu yangu. Miaka 475 ni ile ile asilimia 10 katika miaka 50, imeandikwa kwa namna nyingine. Kila mwaka nafasi ni karibu 1 kati ya 475, na mwaka ukipita salama haupunguzi deni. Kati ya 1966 na 1994 ilipita miaka 28 tu.

*Bukoba haiko kwenye rangi nzito, mbona 2016 nyumba zilianguka?*

Swali zuri sana. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na hata Kampala lilisikika. Rangi hafifu inasema mtikisiko mkali ni wa nadra, haisemi haupo. Tena ramani inaeleza ardhi, haielezi nyumba. Ukuta wa matofali usiofungwa kwa mkanda wa zege juu huanguka kwa mtikisiko ambao jirani aliyefunga mkanda ataumaliza na nyufa tu.

*Mimi niko Kisoro, chini ya Muhavura. Ramani hii inahesabu volkano?*

Haihesabu, mama. Volkano ina ramani yake, inayofuata mteremko: lava hushuka mabondeni kama maji mazito, jivu hufuata upepo. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilitokea kwenye nyufa za ubavuni mwa mlima, ikateremka kusini hadi katikati ya Goma na kuingia Ziwa Kivu. Kwa hiyo ukipata ramani ya volkano, usipime umbali wa kilele peke yake. Tazama nyufa ziko wapi, na kutoka hapo maji ya mvua yangeelekea wapi.