Somo: Kadi ya harusi kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, na ya bethdei na sikukuu

Msimu wa harusi ukianza hapa Mwanza, steshenari zinajaa watu wenye ujumbe wa Kiingereza kwenye simu, wanaomba "uwekwe Kiswahili" ichapwe kadi au bango la ukumbini. Leo nachukua ujumbe wa harusi na kuupitia hatua kwa hatua, kwa sababu ndiko kunakoharibika zaidi. Bethdei na sikukuu nitazigusa njiani.

Ujumbe wenyewe uliletwa na wafanyakazi wa ofisi moja, wakimwandikia mwenzao na mumewe, wote Wakristo. Walikuwa wameshautafsiri neno kwa neno:

"Nakutakia maisha yote ya mapenzi na furaha. Nyoyo mbili, roho moja. Kuwa na siku ya ajabu!"

Hatua ya kwanza: hesabu wanaoandikiwa. Maharusi ni wawili, kwa hiyo "nakutakia" imemwacha mmoja nje. Waandikaji nao ni wengi. Kama neno hilo lingebaki, lingekuwa "tunawatakia". Kadhalika "hongera" inakuwa "hongereni", na "akubariki" inakuwa "awabariki". Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye mabango, na huonekana na ukumbi mzima.

Hatua ya pili: tafuta nani anatoa heri. Kiingereza humweka mtumaji mbele: mimi nakutakia hiki, mimi nakutakia kile. Sisi heri nzito tunaitoa kama dua, kwa hiyo mtoaji ni Mungu: awabariki, awajalie, awape, awalinde. Au tunawageukia maharusi wenyewe: mpendane, mvumiliane, mzeeke pamoja. "Tunawatakia" si kosa, lakini itumie mara moja tu. Ikirudiwa kila mstari, kadi inasomeka kama tangazo la benki.

Angalia mwisho wa kitenzi hapa. Vitenzi vingi katika dua huishia na -e: awape, awalinde, awajalie. Ukiandika "Mungu awajalia" dua imepotea. Lakini "bariki" ni neno la asili ya Kiarabu, halibadiliki: ni "awabariki", si "awabarike".

Hatua ya tatu: ondoa maneno yaliyogeuka maana njiani. "Siku ya ajabu" kwa msomaji wetu ni siku iliyotokea kioja. Labda bwana harusi hakufika. "Mapenzi" si tusi, ila kwenye kadi itakayosomwa na wakwe yanaelekea chumbani mno; andika "upendo". "Nyoyo mbili, roho moja" inaeleweka lakini haina mwenyewe kwetu. Mkristo ana usemi wake tayari, kuwa mwili mmoja, na anausikia kanisani siku hiyohiyo. Tumia huo.

Hatua ya nne: ipange upya. Anza na hongera ya jambo lililotimia, kisha dua, kisha neno la kwenda mbali, halafu jina la watumaji. Ile kadi ilitoka hivi:

"Hongereni sana kwa kufunga ndoa. Mungu aliyewafanya mwili mmoja awabariki, awape upendo na uvumilivu, na nyumba yenu isipungukiwe amani. Mzeeke pamoja.
Ni sisi wenzenu wa ofisini."

Uvumilivu haukuwemo kwenye Kiingereza. Niliuongeza kwa sababu kwetu ni nadra kumwombea mtu ndoa bila kuutaja, na bibi harusi angeona pengo. Neno "furaha" nimeliacha. Amani ya nyumba imelibeba.

Kuhusu "pingu za maisha": washereheshaji na magazeti wanalipenda, na kwa rafiki wa rika lako ni utani mzuri. Kwenye kadi ya heshima, "kufunga ndoa" inatosha.

Bethdei ni nyepesi zaidi. "Heri ya siku ya kuzaliwa" inafaa popote, na kwa keki ndogo "Heri ya kuzaliwa" pamoja na jina inatosha, maana krimu haina nafasi ya shairi. Kwenye kadi ongeza dua: "Mungu akuzidishie umri na afya njema."

MASWALI YA WANACHAMA

Sengerema: *Mama anatimiza miaka 70. Dada yetu wa ng'ambo ametuma maneno ya Kiingereza ya kwamba umri ni namba tu na bado ni msichana. Niyaweke vipi?*

Usiyaweke, ndugu yangu. Utani huo wa kukwepa umri ni wa kwao. Mama wa miaka 70 kwetu umri ni heshima yake, na anataka utajwe. Anza na shikamoo: "Mama, shikamoo. Tunamshukuru Mungu kukufikisha miaka 70. Akuzidishie afya na umri, uwaone vitukuu na vilembwe. Ni sisi wanao." Kama dada anataka utani, aupige kwa simu.

Igoma: *Bwana na bibi harusi ni Waislamu. Nibadilishe nini zaidi ya kuandika Mwenyezi Mungu?*

Ule mstari wa mwili mmoja uondoe. Kuna dua maalumu ya maharusi iliyopokewa kutoka kwa Mtume: "Baaraka Allahu lakumaa, wa baaraka alaykumaa, wa jama'a baynakumaa fii khayr." Chini yake weka Kiswahili: "Mwenyezi Mungu awabariki, ashushe baraka juu yenu, na awakutanishe katika kheri." Ukiiandika hiyo, huna haja ya kuongeza mengi. Mwonyeshe mtu anayejua kuisoma kabla haijachapwa.

Nyegezi: *Mbona hukuweka "awajalie watoto"? Wazee wetu wataona kadi haijakamilika.*

Kwa vijana wanaoanza maisha, iweke bila wasiwasi, tena wazee wataipigia vigelegele. Kwenye kadi ile niliambiwa bibi harusi ni mjane mwenye watoto wakubwa. Maneno yale yangemweka pabaya mbele ya watu, naye pia ana umri wake. Uliza kwanza, na usipopata jibu, andika "Mungu aibariki nyumba yenu", ambayo inabeba hata watoto bila kuwadai.

Ukerewe: *Bosi wetu mgeni anataka salamu moja ya Desemba kwa wafanyakazi wote. Tupo dini mbili.*

"Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya" waandikie Wakristo. Kwa wote: "Tunawatakia mapumziko mema ya mwisho wa mwaka, na Mungu atufikishe Mwaka Mpya salama." Ikifika Idi el-Fitri mkumbusheni atume "Idi Mubaraka, Mungu atutakabalie funga zetu", ila yeye hakufunga, kwa hiyo kwake iwe "azitakabali funga zenu". Na asichapishe tarehe kwenye bango mapema, mwezi haujaandama.

Kirumba: *Pasaka je? Kuna aliyetuma "Heri ya Ijumaa Kuu" kwenye grupu la kwaya, akanyamaziwa.*

Walimwonea huruma tu. Ijumaa Kuu ni siku ya mateso na kufunga, haina heri ya kupongezana. Siku hiyo andika "Tuwe na Ijumaa Kuu ya toba na sala." Heri isubiri Jumapili: "Kristo amefufuka. Heri ya Pasaka", na wanakwaya watakujibu wenyewe "Amefufuka kweli kweli."